Povu Si Dawa ya Kila Mekapu

Msimu wa harusi ukifika, swali linalonijia kuliko mengine yote huwa hili, na safari hii limeletwa na dada mmoja wa Tuwan, Kitale:

"Dada, Jumamosi tulikuwa na harusi Bungoma nikapambwa vizuri sana. Usiku nimenawa mara tatu kwa sabuni ya uso ya povu. Ngozi imekauka mpaka nikitabasamu inavuta, lakini nikijipangusa, taulo bado inatoka na rangi ya kahawia, na maskara imenitapakaa chini ya macho. Shida ni sabuni au ni mimi?"

Mdogo wangu, shida si wewe, na hiyo sabuni pia haina kosa. Umeipa kazi isiyo yake. Mekapu ya harusi hutengenezwa makusudi ishindane na jasho, machozi na mvua, yaani ishindane na maji. Sasa wewe unaiendea na maji yenye povu, halafu unashangaa kwamba imekushinda.

Tuangalie kilichokuwa usoni mwako. Faundesheni ya kudumu kutwa nzima ni rangi iliyochanganywa na silikoni na kimiminika kinachoruka haraka. Mpambaji akishaipaka, kimiminika kinaruka hewani na kubaki utando mwembamba ulioshika rangi juu ya ngozi, na utando huo hauchanganyiki na maji. Maskara isiyoingia maji nayo ni nta na gundi laini zilizozunguka kila unywele wa kope. Lipstiki ya maji inayokauka ikawa haipakazi kikombe ni ndugu yao. Sabuni ya povu imeundwa kuondoa jasho, vumbi na mafuta ya kawaida ya ngozi. Ukiipaka kwenye uso uliolowa na kuizungusha nusu dakika, inapita juu ya utando huo bila kuufungua.

Fundi wa rangi ya mafuta anaijua siri hii. Akimaliza kupaka geti, haanzi kunawa mikono kwa sabuni. Anaanza na mafuta ya taa yalainishe rangi, ndipo sabuni imalizie. Usoni hatutumii mafuta ya taa, nawasihi, lakini kanuni ni hiyohiyo: kilichotengenezwa kwa mafuta, nta au silikoni huyeyushwa na mafuta, kisha maji na sabuni huondoa kilichokwisha kuyeyuka.

Na kunawa mara tatu kunaleta hasara ya pili. Ngozi ya uso ina uchachu kidogo, pH yake ni kama 5. Sabuni ya kipande, ile ya kuogea, huwa kati ya 9 na 10. Sabuni ya uso ya povu mara nyingi ni ya upole zaidi, lakini ukiirudia mara tatu mfululizo inabeba mafuta yanayolinda ngozi huku mekapu ikibaki. Ndiyo sababu uso wako ulivuta na taulo bado ikachafuka. Yote mawili yanatokea kwa pamoja.

Je, povu lina siku zake? Linazo, tena nyingi. Kama leo umepaka poda tu na mafuta ya midomo, ukashinda sokoni kwenye vumbi jekundu la Januari, sabuni ya povu mara moja jioni inatosha kabisa. Kuna pia aina moja ya maskara ambayo povu na maji ya uvuguvugu huishinda kuliko mafuta. Ni ile inayovika kila kope kama kijimrija. Yenyewe hailegezwi na mafuta. Inataka maji ya uvuguvugu yailowanishe, kisha ukivuta taratibu kwa vidole inatoka vipande vidogo kama nyuzi nyeusi. Ukiona maskara yako inatoka hivyo badala ya kutapakaa, usihangaike na mafuta.

Sasa tuje kwa maji ya misela, yale yanayoonekana kama maji ya kunywa ndani ya chupa. Yalipata umaarufu kupitia kampuni ya Kifaransa ya Bioderma katika miaka ya 1990, na leo Garnier na Nivea wanayo kwenye rafu za supamaketi. Ndani yake kuna sabuni ya upole sana, kiasi kidogo tu. Kila chembe ya sabuni hiyo ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta. Zikiwa majini zinajikusanya vifungu vidogo visivyoonekana kwa macho, pande zinazopenda mafuta zikiwa ndani. Vifungu hivyo ndivyo misela. Ukigusisha pamba iliyolowa kwenye ngozi, pande zinazopenda mafuta zinanasa mafuta na rangi, na pamba inabeba.

Kwa hiyo maji ya misela yanaishinda sabuni ya povu katika hali mbili. Ya kwanza ni macho yenye wanja na maskara ya kawaida, kwa sababu povu likiingia jichoni linawasha, na ukisugua kope ukiwa umefumba macho huoni unachokifanya. Ya pili ni mahali pasipo na maji ya kutosha: umechoka, bomba limekauka, au uko kwenye matatu ukitoka Webuye na hutaki kulala na mekapu. Lakini mipaka yake ni wazi. Kwa faundesheni nzito na maskara isiyoingia maji, utamaliza pamba baada ya pamba na utaanza kusugua. Kusugua ndiko kunakowaumiza wenye ngozi nyeusi kama sisi. Ngozi ya chini ya jicho ni nyembamba, na ikisuguliwa kila wiki inajibu kwa kuwa nyeusi zaidi. Weusi huo ukishaingia hautoki haraka.

Namna ya kuyatumia: lowesha pamba mpaka iwe imejaa, maana pamba iliyo nusu kavu inakwaruza. Ibandike juu ya jicho lililofumbwa, tulia kwa sekunde 20 hadi 30, kisha teremsha taratibu kuelekea kwenye ncha za kope. Usirudishe juu. Geuza upande, ukiisha chukua pamba nyingine. Ile pamba ya roli ya duka la dawa inatoa nyuzi zinazoingia machoni, kwa hiyo ikunje ndani ya kitambaa laini cha fulana kuukuu iliyofuliwa. Na hata kama chupa inasema hakuna haja ya kusuuza, suuza ukipata maji. Ile sabuni iliyobaki juu ya ngozi usiku kucha inaweza kuwasha, hasa kwa wenye ngozi nyepesi kukasirika.

Onyo moja hapa. Maji ya misela hayaongezwi maji ili yadumu. Misela hujikusanya pale tu sabuni inapokuwa imefika kiasi fulani ndani ya maji. Ukiyazimua, vifungu vinasambaratika na unabaki na maji ya kawaida yenye harufu nzuri. Pia dawa ya kuyahifadhi inapungua nguvu na vijidudu vinapata makazi. Chupa iliyogeuka ukungu au kubadilika harufu haifai kusogezwa jichoni.

Mafuta ya kusafishia uso na bamu ndiyo mabingwa wa mekapu ya harusi. Msichanganye na mafuta ya kupikia wala mafuta ya kujipaka. Ndani ya mafuta haya kuna kiambato kinachounganisha mafuta na maji, kwa hiyo ukiongeza maji yanageuka meupe kama maziwa na kuondoka yote. Kwenye lebo kiambato hicho mara nyingi kinaanza na herufi PEG, au utaona jina polisobeti likifuatiwa na namba. Bamu ni mafuta yaleyale yaliyogandishwa kwa nta au kitu kingine kinachoyashikilia, nayo huyeyuka kwa joto la vidole. Uwezo wao wa kuyeyusha mekapu unakaribiana, ila hali ya hewa inawatenganisha. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai bamu huwa ngumu mpaka uikwangue. Bungoma iko chini zaidi, karibu mita 1,400, na mchana bamu hulainika yenyewe ndani ya kopo. Anayekaa Tuwan mafuta ya chupa yatamrahisishia maisha. Anayesafiri kila mara kati ya miji hii miwili achukue bamu, haimwagiki ndani ya mkoba.

Basi turudi kwa dada yetu wa harusi, tumfanyie kazi hii hatua kwa hatua. Alipambwa saa kumi na moja alfajiri: losheni ya jua, praima ya silikoni, faundesheni ya kudumu, poda, wanja wa jeli, maskara isiyoingia maji, kope za kubandika za siku moja na lipstiki inayokauka. Amerudi Tuwan saa tatu usiku. Maji ni mtungi mmoja wa lita 20 unaogawanywa na watu wanne, kwa hiyo sehemu yake kwa uso ni jagi la lita 2.

Kwanza anawe mikono kwa sabuni na kuikausha kabisa. Uso nao uwe mkavu. Hapa ndipo wengi wanaharibu, kwa kuwa tumezoea kuanza kwa kujimwagia maji. Maji yakitangulia, kile kiambato kinayakamata kwanza, mafuta yanageuka maziwa kabla hayajagusa mekapu, na kazi imeishia hapo.

Pili, apake mafuta kidogo midomoni ayaache hapo yalainishe lipstiki huku akishughulikia macho. Kope za kubandika zisivutwe kavukavu. Apitishe mafuta kwa ncha ya kidole, au kwa kijiti cha pamba, kwenye mstari wa gundi, asubiri kama dakika moja, kisha aanzie kona ya nje kwenda ndani. Ikigoma, aongeze mafuta. Kope yake ya asili ikitoka pamoja na ya bandia, ajue aliharakisha.

Tatu, uso mzima. Mafuta pampu mbili au tatu, au bamu kiasi cha punje kubwa ya karanga. Ayasugue kwanza viganjani yapate joto, kisha aanzie mashavuni, paji la uso, kando ya pua, kidevu, na asisahau mpaka wa nywele na chini ya taya, ambako wapambaji huishilizia faundesheni. Dakika moja ya kuzungusha vidole kwa wepesi inatosha. Macho yawe ya mwisho, asije akasambaza weusi wa maskara mashavuni. Atajua mekapu imeachia pale vidole vinapoanza kuteleza bila kukwama na uso mzima ukawa na rangi moja ya tope. Usiogope sura hiyo kwenye kioo, ndiyo dalili nzuri.

Nne, hatua inayorukwa kuliko zote. Achovye vidole kwenye maji kidogo ya uvuguvugu, arudi usoni, azungushe tena. Mafuta yageuke meupe. Achovye tena, azungushe, kama nusu dakika hivi. Weupe huo ndio unaobeba mekapu. Akimwaga maji mengi ghafla kabla ya weupe kuja, mafuta yanabaki usoni na rangi yake, na macho yanaona ukungu kwa muda. Maji ya baridi kali nayo yanaigandisha bamu ikanata kwenye nyusi, kwa hiyo achanganye kikombe kimoja cha maji ya moto kwenye jagi. Nusu ya jagi inatosha kusuuza hatua hii.

Tano, sasa ndipo sabuni ya povu inaingia, mara moja tu, kiasi kidogo, nusu dakika. Kazi yake hapa ni kuondoa mabaki ya mafuta, jasho na vumbi la barabara. Nusu ya jagi iliyobaki inamalizia. Akaushe kwa kugusagusa taulo na apake mafuta yake ya usiku ngozi ikiwa bado na unyevu. Dada yetu alitumia povu mara tatu na akashindwa. Povu hilohilo, mara moja, baada ya mafuta, linatosha.

Atajuaje kwamba uso umesafika kweli? Zipo dalili mbili. Ya kwanza aitazame wakati wa kusuuza: maji yakikusanyika matone na kuteleza sehemu fulani, hasa kando ya pua au kwenye nyusi, utando bado upo hapo. Yakitandaa sawasawa, hakuna kitu. Ya pili ni pamba nyeupe yenye maji ya misela ipitishwe mara moja shavuni na kwenye mpaka wa nywele. Rangi nzito ya faundesheni ikitoka, arudie mafuta sehemu hiyo peke yake. Uchafu hafifu usimtie wasiwasi. Ngozi hutoa seli zilizokufa kila siku, na ukiendelea kupangusa mpaka pamba iwe nyeupe pe pe pe, utakuwa unajichubua.

Sasa nijibu haraka yale mengine mliyouliza.

"Dada, si Vaseline au Arimis inatoa mekapu?" Inalainisha, ndiyo, hata maskara ngumu. Shida ni kuondoka: haina kile kiambato cha kuungana na maji, kwa hiyo ukisuuza inabaki. Ukiitumia, ipanguse yote kwa kitambaa laini kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, kisha sabuni ya povu mara moja. Mafuta ya watoto yanafuata njia hiyohiyo na ni mepesi zaidi kupangusa.

"Na mafuta ya nazi?" Yanayeyusha mekapu, lakini nayo hayasuuziki. Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo maana Kitale mara nyingi unayakuta meupe na magumu. Kwa mwenye chunusi yanaweza kuziba vinyweleo, kwa hiyo kwa uso wenye chunusi mimi siyashauri.

"Nina chunusi, nitathubutuje kujipaka mafuta?" Mafuta ya kusafishia hukaa usoni dakika mbili kisha yanaondoka. Kinachokusumbua zaidi ni faundesheni inayolala nawe. Jaribu upande mmoja wa taya kwa wiki moja kabla ya uso mzima, na usiiruke hatua ya weupe wala ya povu. Vikitokea vipele vidogo vya kufanana vinavyowasha kwenye paji la uso, acha mafuta uende kwa daktari wa ngozi, maana huenda ni fangasi, na fangasi huyo hula baadhi ya mafuta.

"Nimepachikwa kope za wiki kadhaa saluni." Fuata maagizo ya aliyekupachika. Wengi wao hukataza mafuta karibu na gundi yao, kwa hiyo kwenye macho tumia maji ya misela yasiyo na mafuta, kwa kijiti, na mafuta yaishie mashavuni. Ukivaa lenzi za macho, zitoe kabla hujaanza lolote kati ya haya.

"Zile chupa zenye rangi mbili ndani?" Tabaka la juu ni mafuta, la chini ni maji. Tikisa mpaka yachanganyike, lowesha pamba kabla hayajatengana. Kwa maskara isiyoingia maji yanayashinda maji ya misela ya kawaida. Yanaacha utelezi, kwa hiyo maliza na povu.

"Nina pesa ya chupa moja tu mwezi huu." Basi hesabu siku zako. Kama kazi yako ni ya poda na wanja kila siku, na faundesheni nzito ni ya harusi moja baada ya miezi, nunua maji ya misela, na siku ya harusi uazime mafuta ya dada yako. Kama unapiga faundesheni ya kudumu kila Jumapili kwenye kwaya, au wewe ni mpambaji unayejaribu rangi usoni mwako mwenyewe, anza na mafuta. Vyovyote vile, ile sabuni ya povu uliyo nayo usiitupe: itatumika kila usiku, ila iwe ya pili. Na kabla hujalipa, tazama kibandiko cha KEBS na tarehe ya mwisho kwenye chupa, uhakikishe mfuniko haujafunguliwa. Chupa ya bei ya kutupa isiyo na lebo inayosomeka, hata kama muuzaji ni rafiki yako, iache mezani kwake.